Siku nane za mauzo ya kadi zilizolala ndani ya mashine

Aliyenistua ni mteja mwenyewe. Mzee mmoja wa Michenzani alikuja dukani kwangu Hurumzi, Zanzibar, Jumatatu, akachukua doti za kanga za harusi ya binti yake na vikapu vya ukili, akalipa kwa kadi 420,000. Jumanne ya wiki ya pili nikamwona karudi, kasimama mlangoni na simu mkononi.

"Sheikh, ile pesa yako imerudi kwangu."

Nikamwambia haiwezekani, mashine ilikubali, risiti tunayo. Akanionyesha simu. Siku aliyonunua, salio lake lilipungua 420,000, na asubuhi ile lilikuwa limepanda kwa kiasi kile kile. "Mimi sitaki kula haki ya mtu," akasema. "Fanya unavyojua, lakini nitoe kwenye deni."

Nikafungua taarifa ya benki kwenye simu. Pesa za mauzo ya kadi huingia kwangu siku ya kazi inayofuata, mara nyingine mbili, kwa mkupuo mmoja. Mkupuo wa mwisho ulikuwa wa mauzo ya Jumapili, siku moja kabla ya mzee huyu kuja. Baada ya hapo hakuna kitu. Siku nane za Julai, mji umejaa wageni, kadi zinapita kutwa, na akaunti haijaingia hata shilingi. Sikuwa nimeiangalia kwa sababu akaunti ile ni ya kununulia bidhaa tu, naigusa mwisho wa mwezi. Matumizi ya kila siku yanatoka kwenye droo.

Nikachukua rundo la risiti za duka, zile nakala zinazobaki kwetu, nikaziweka juu ya meza. Kila risiti ina maandishi ambayo hakuna anayeyasoma: namba ya mashine, namba ya idhini, na mstari mmoja ulioandikwa `BATCH`. Ya mzee wa Michenzani: `BATCH 000213`. Ya Alhamisi: `000213`. Ya Jumapili iliyopita: `000213`. Ya mgeni aliyetoka dukani nusu saa nyuma: `000213`. Hapo ndipo nilipoelewa.

Ilivyo ni hivi. Mteja anapoweka kadi na mashine ikaandika `APPROVED`, hujalipwa. Benki yake imesema tu kwamba pesa ipo, na imeizuia isitumike kwingine. Kwa mashine za aina ya kwangu, mauzo yenyewe yanakaa ndani ya mashine, yanapangwa kwenye fungu moja linaloitwa bechi. Bechi ikifungwa, mashine inapeleka hesabu yote benki, benki inaanza kudai pesa kwa benki za wateja, na bechi mpya inaanza kwa namba inayofuata. Isipofungwa, hakuna anayedai chochote. Benki ya mteja inasubiri siku kadhaa, mara nyingi kama wiki moja, halafu inaachia ile pesa iliyozuia. Ndiyo maana mzee aliona imerudi.

Lakini kwa nini haikufungwa, wakati miaka miwili ilikuwa ikijifunga yenyewe? Mashine yangu ilipangwa ijifunge saa tano na nusu usiku. Ilikuwa ikilala kwenye chaji, inafanya kazi yake sisi tukiwa nyumbani. Jumatatu ile ile jioni, soketi moja ya dukani ilitoa cheche. Kuanzia usiku huo nikamwamuru mtoto wa kaka yangu, anayenisaidia dukani, azime swichi kubwa kila tunapofunga saa tatu. Betri ya mashine imechoka, haidumu hata muda wa saa moja. Kwa hiyo kila saa tano na nusu ilikuwa imekwisha kufa, na asubuhi inawaka, inauza, inaandika `APPROVED`, wala hailalamiki. Nimesikia kuna mashine zinazokukumbusha asubuhi. Yangu haimo katika hizo.

Kijana akanipa rai. "Ami, si tumpitishie mzee kadi upya tu?"

Afadhali sikukubali. Muamala wa zamani ulikuwa bado umo ndani ya mashine. Ningempitishia tena, halafu nikafunga bechi, mzee angekatwa mara mbili. Rai yake ya pili ilikuwa mbaya zaidi: kwenye menyu aliona `CLEAR BATCH`, akadhani ni kusafisha mashine ianze upya. Neno hilo linafuta mauzo yote yaliyomo. Mashine yangu ndiyo iliyokuwa na kumbukumbu kamili ya ile miamala, na baada ya hapo ningebaki na karatasi tu za kubishania.

Nikapiga simu kitengo cha mashine cha benki. Wa kwanza kupokea akasema atatuma fundi aje anibadilishie mashine. Nikamuuliza, na mauzo yaliyomo ndani? Akasita, akanipa mwenzake. Huyo wa pili alikuwa anaijua kazi yake. Akasema mashine isitoke dukani wala isiguswe na fundi kabla bechi haijafungwa. Kwanza nichape ripoti ya kina, inayoorodhesha muamala mmoja mmoja, siyo ile fupi ya jumla. Nilinganishe na risiti. Nizitolee risiti fotokopi siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi ile huandikwa kwa joto, na kwa joto na unyevu wa kwetu hufifia upesi. Halafu nifunge kwa mkono.

Ripoti ikatoka ndefu kama mkeka: miamala 31, jumla 4,865,000. Risiti nikazihesabu, 32. Nikahesabu tena, 32. Hapo nilitokwa na jasho, nikiwaza kuna mauzo yamepotea hata ndani ya mashine. Kijana ndiye aliyeipata: risiti moja ilikuwa `BATCH 000212`, ya Jumapili ya kwanza, imechanganyika na nyenzake. Hiyo ilikwisha kulipwa. Zilizobaki zikaoana na ripoti moja kwa moja.

Likabaki suala la mzee, ambaye muda wote alikuwa amekaa barazani anakunywa kahawa. Bwana wa benki akatuelekeza: kwa kuwa bechi bado iko wazi, muamala wake unaweza kufutwa peke yake. Kwenye menyu kuna `VOID`. Unaingiza namba ya `INVOICE` iliyo kwenye risiti yake, mashine inakuonyesha kiasi, unathibitisha, inachapa risiti ya kufuta. Tukafanya hivyo, tukahakikisha imeandika 420,000, ndipo tukampitishia upya. Jumla ikabaki ile ile 4,865,000, ila sasa muamala wake ulikuwa na idhini ya siku hiyo, si ya wiki iliyopita. Bechi ikishafungwa njia hiyo haipo tena. Kilichobaki ni kumrudishia mteja pesa kwa muamala mwingine, nao huchukua siku.

Wale wageni wengine wa siku za mwanzo nisingeweza kuwaita. Wengine walikwisha kuruka.

Kufunga kwenyewe kulinichosha kuliko vyote. Nikaenda kwenye `SETTLEMENT`, nikaingiza neno la siri, mashine ikaonyesha jumla, nikathibitisha. Ikatafuta mtandao, ikatafuta, ikaandika imeshindwa. Duka langu ni nyumba ya zamani, kuta za mawe na chokaa upana wa mkono mzima, na laini iliyomo ndani ya mashine hupata mtandao wa kuibia. Kwa muamala mmoja unatosha. Kwa hesabu ya siku nane hautoshi. Nikaogopa kwamba kushindwa kumeharibu kitu, lakini nilipochapa ripoti tena yote yalikuwemo. Bechi isiyofungika inabaki ilivyo.

Tukaitoa mashine barazani kutafuta mtandao, tukavuta waya wa umeme mpaka huko, kwa sababu ile betri singeiamini katikati ya kazi. Mara hii ikaunganika. Ikasema hesabu yake na ya benki hazilingani, nikashika kichwa. Bwana wa benki, bado yuko kwenye simu, akasema niiache: zikitofautiana, mashine hupakia upya muamala mmoja mmoja ili benki ihesabu yenyewe. Nikaangalia namba zinapanda kwenye kioo. Zilipofika kama katikati zikasimama. Kijana akataka kubonyeza kitufe chekundu, nikamshika mkono. Dakika nzima. Zikaendelea. Mwisho ikachapa karatasi yenye `SETTLEMENT SUCCESSFUL`, bechi 000213, mauzo na jumla yake. Mzee wa Michenzani akasema alhamdulillahi kabla yangu.

Alhamisi iliingia 4,743,375. Nikatoa komisheni ya asilimia 2.5 ya mkataba wangu, yaani 121,625, ikaoana mpaka shilingi ya mwisho.

Nikadhani yamekwisha. Wiki tatu baadaye benki ikakata 165,000 kwenye akaunti na kunitumia barua. Ni mauzo ya mgeni wa ile Jumatatu ya kwanza, mkoba wa ngozi na viungo. Benki yake ilikataa dai kwa kuwa limepelekwa baada ya idhini kwisha muda, na akauntini mwake pesa haikuwemo tena. Nilikuwa na risiti yenye namba ya idhini, fotokopi, kila kitu. Havikunisaidia, kwa sababu hakuna aliyebisha kwamba mgeni alinunua. Kilichobishwa ni kuchelewa kwangu, na nilichelewa kweli. Mkoba ulikwisha kwenda Ulaya. Kwa hesabu yangu nilipona: miamala iliyozidi wiki ilikuwa michache, na mwenye mmoja wapo, yule mzee, alikuja mwenyewe. Ningegundua mwisho wa mwezi, kama kawaida yangu, sijui barua ngapi zingekuja.

Sasa benki imenisogezea muda wa kujifunga uwe saa mbili na nusu usiku, tukiwa bado dukani. Swichi kubwa bado inazimwa, soketi haijatengenezwa. Na kijana anaandika kwenye daftari, kila asubuhi, namba ya bechi ya muamala wa kwanza. Ikiwa jana tuliuza kwa kadi, namba ya leo lazima iwe mbele. Siku isiyo na mauzo ya kadi inabaki pale pale, na hilo si kosa.

Alhamisi ya wiki iliyofuata ile tuliyofunga bechi 000213, aliniita kabla sijavua viatu. "Ami, 000221 jana, 000221 leo." Mtandao ulikuwa umekatika usiku. Tukatoa mashine barazani, tukafunga kwa mkono, ikachukua dakika mbili.