Tuliambiwa tumepandisha ada laki tatu kimyakimya, nilivyoandika taarifa ya kujibu

Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi binafsi hapa Mtwara mjini, na hii ilinikuta mwishoni mwa Novemba, siku nne tu baada ya kuwatumia wazazi fomu za maelekezo za mwaka unaofuata. Wakazi wa huku mnajua Novemba ikoje, minada ya korosho inaendelea, hela zinaingia, na ndo kipindi mzazi anaamua mtoto abaki au ahame. Jumamosi usiku muhasibu wetu ananitumia skrinshoti kutoka grupu la wasap ambalo hata sio la shule, imeandikwa "hawa jamaa wamepandisha ada laki tatu kimyakimya, wameona korosho imelipa". Asubuhi iko fesibuku, komenti mia na kitu, na kuna mtu anauliza afisa elimu yuko wapi.

Mkurugenzi akanipigia kabla hata sijanywa chai, "Mwalimu, andika sasa hivi kwamba ada haijapanda, na waambie tutawapeleka polisi kwa sheria ya makosa ya mtandao". Nikaandika kweli. Kurasa moja na nusu, "uongozi umesikitishwa na taarifa za uzushi", wino mzito, muhuri. Nashukuru Mungu sikuituma.

Kilichonizuia ni muhasibu, dada mmoja mpole sana, aliniuliza tu, "Mwalimu, ila mzazi wa darasa la tano anayetumia basi, mwakani atalipa sawa na mwaka huu?" Nikanyamaza. Tukachukua fomu ya mwaka unaoisha na fomu mpya tukaziweka mezani, tukamhesabia mtoto mmoja, shilingi kwa shilingi.

Ada 1,200,000 kote kote, hapo mkurugenzi yuko sahihi. Ila basi lilikuwa 150,000 kwa muhula, yaani 300,000 kwa mwaka, na kwenye fomu mpya tumeandika 35,000 kwa mwezi kwa miezi 10, hiyo ni 350,000. Rimu mbili ambazo mzazi alikuwa analeta mwenyewe tumezigeuza hela, 30,000. Halafu mitihani ya majaribio, ambayo miaka yote iko ndani ya ada, tumeitoa nje tukaipa mstari wake wa 40,000. Jumla 1,620,000, wakati mwaka unaoisha alilipa 1,500,000 na rimu zake mkononi. Kwaiyo ada haijapanda ila mzazi anatoa 120,000 zaidi, na akisoma taarifa yangu inayosema "uzushi" atatoa fomu kabatini, atajumlisha, na hapo nimekwisha mimi na muhuri wangu.

Na niseme ukweli, ule mstari wa mitihani ndo ulikuwa na harufu. Kupandisha ada yenyewe kunahitaji kibali cha Kamishna wa Elimu, kila mwenye shule anajua, ndo maana ukitaka kuona shule imepandisha usiangalie mstari wa ada, angalia kilichotoka ndani ya ada kikaanza kujitegemea. Sisi hatukukaa kikao cha kuficha, ilitokea tu mtu wa kuandaa fomu kaona gharama za kuchapa zimekuwa kubwa akatenganisha, na mimi nikasaini bila kulinganisha na fomu ya nyuma. Lakini kwa mzazi itamsaidia nini kujua kwamba hatukukusudia?

Sasa laki tatu imetoka wapi? Hii ilitusumbua mpaka saa nane mchana. Muhasibu akapitia invoisi moja moja za wazazi wenye watoto zaidi ya mmoja, akaipata, mama mmoja ana watoto wawili, 120,000 mara mbili ni 240,000, juu yake deni la nyuma la 60,000, jumla 300,000 kamili. Yeye kalinganisha jumla na jumla, wala hajadanganya, kaandika alichokiona kwenye karatasi yetu ambayo deni haikulitenga. Mkurugenzi akafurahi, "weka hiyo invoisi hadharani watu waone". Nikamwambia hapana mzee wangu, deni la mzazi ni siri yake na shule, tukilianika leo kesho hakuna mzazi atakayetuamini na kitu. Kwaiyo jibu tamu kuliko yote tukalifungia kabatini na taarifa ikabidi isimame bila hilo.

Kabla ya kuandika tukamaliza maamuzi, maana taarifa isiyo na uamuzi ni malumbano tu. Mitihani 40,000 imefutwa, inarudi ndani ya ada, kwa watoto 286 hiyo ni 11,440,000 na mkurugenzi alikunja uso nusu saa nzima. Rimu, mzazi achague, alete au alipe. Basi tumelibakiza kwa mwezi kwa sababu dizeli ni dizeli, ila Januari shule inafunguliwa katikati kwaiyo mwezi ule ni nusu, inakuwa 332,500.

Taarifa yenyewe ikawa fupi, ienee kioo kimoja cha simu bila kusogeza. Hivi ndivyo ilivyoanza:

"Ndugu wazazi na walezi, ada ya mwakani ni 1,200,000, ileile. Basi limepanda, mtoto atalipa 332,500 kwa mwaka badala ya 300,000. Fomu tuliyowatumia ilikuwa na makosa mawili ya kwetu: mitihani ya majaribio 40,000 imefutwa, na rimu unaweza kuleta mwenyewe. Aliyekwisha lipa, hela yake itapunguzwa kwenye awamu ya pili au arudishiwe benki, achague yeye."

Chini yake namba ya muhasibu, saa za kupiga, na kwamba Jumatano saa tisa niko ofisini na fomu zote mbili, anayetaka kulinganisha aje na invoisi yake. Neno uzushi halimo, polisi hamna, na ile laki tatu sikuitaja kabisa, maana ukiikanusha kwa kuiandika unaisambaza kwa watu ambao hawakuisikia.

Nikaituma kwa namna tatu, picha yenye muhuri, maandishi ya kawaida ya kufowadi, na voisi yangu nikiisoma polepole, maana walezi wetu wengi ni bibi na babu, herufi ndogo hawazioni. Nakala nikampelekea afisa elimu kata kwa mkono kabla hajaniita.

Haikwenda laini yote. Jioni ileile kuna mtu alikata picha akabakisha "makosa mawili ya kwetu" tu, ikazunguka na maneno "wamekiri wenyewe". Mkurugenzi akanipigia tena, hasira mpya. Sikujibu kwenye komenti, nilituma tena picha nzima kwenye magrupu ya madarasa, wazazi wenyewe wakawa wanaipachika chini ya ile iliyokatwa. Nikajua upepo umegeuka Jumatatu, simu zilipoacha kuuliza "mbona mmepandisha" zikaanza kuuliza "rimu nilete A4 ya aina gani".

Jumatano walikuja watu 19. Yule mama wa watoto wawili alikuja wa mwisho, "Shikamoo mwalimu", kakaa pembeni ya kiti kabisa. Sikumuuliza chochote kuhusu posti. Muhasibu akamtolea invoisi mpya, deni la 60,000 liko mstari wake peke yake chini, akaisoma kwa kidole mara mbili, akasema, "Kumbe hili ni la mwaka jana", akalipunguza 20,000 palepale akaomba risiti.