Nilivyoandaa sidii ya nyimbo kwa redio kuukuu ya gari, pamoja na kupanga kimya kati ya wimbo na wimbo

Redio iliyo kwenye gari langu ni ya zamani. Haina tundu la waya, haina yuesibii, na usoni pake kuna maandishi mamoja tu: Compact Disc Digital Audio. Maandishi hayo ndiyo yanayoamua kila kitu. Redio ya namna hii haijui faili ni nini. Ukiipa diski yenye faili za MP3 zilizonakiliwa tu, itazungusha kidogo, iandike neno la hitilafu, kisha iteme diski. Inachokubali ni sidii ya muziki yenyewe: sauti isiyobanwa, stirio, biti 16, sampuli 44,100 kwa sekunde, kama kanuni za Philips na Sony zilivyowekwa mwaka 1980.

Kwa hiyo kwenye sidii ya muziki tunahesabu dakika, hatuhesabu megabaiti. Wimbo wa dakika nne unachukua nafasi ileile, uwe ulitoka kwenye MP3 ndogo au faili kubwa ya FLAC, ambayo hubanwa bila kupoteza ubora. Diski tupu ya kawaida hubeba dakika 80, na nyimbo haziwezi kuzidi 99. Mimi siijazi hadi ukingoni. Diski husomwa kuanzia katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndio unaoshikwa na vidole na ndio unaosumbua redio iliyochoka. Nikiishia dakika 70 na ushei, naridhika.

Orodha niliyotaka ilikuwa na nyimbo 16. Kati ya hizo, 11 zilirekodiwa studio, na tano, za 7 hadi 11, zilitoka kwenye onyesho moja la jukwaani, ambapo makofi ya wimbo mmoja yanaingia moja kwa moja kwenye utangulizi wa wimbo unaofuata. Hapo ndipo kazi ilipo. Nyimbo za studio zinahitaji kupumua kidogo kati yake, la sivyo sauti ya mwisho ya mmoja inakanyagwa na ngoma za mwingine. Za jukwaani hazitaki hata chembe ya kimya, kwa sababu makofi yakikatika ghafla sekunde mbili kisha yakarudi, onyesho zima linaharibika.

Programu nyingi za kuchoma diski zinatoa uamuzi mmoja kwa diski nzima. Windows Media Player ina kisanduku cha "Burn CD without gaps": ukikiweka alama, kimya kinaondoka kote, na usipokiweka, kinabaki kote. Kwa orodha iliyochanganyika kama yangu hilo halitoshi. Nilichagua `cdrdao` kwa sababu inasoma faili dogo la maandishi ambamo kila wimbo unapangiwa kimya chake.

Kabla ya kupanga kimya chochote, nilikagua kimya ambacho tayari kimo ndani ya faili. Hili watu wengi hulipita, nalo ndilo chanzo cha diski zenye mapengo marefu yanayochosha. Faili iliyotolewa kwenye sidii ya kununua mara nyingi huwa na kimya mwishoni, kwa sababu programu ya kunakili huchukua pengo lililokuwa kati ya nyimbo mbili na kuliunganisha na mkia wa wimbo uliotangulia. Ukiongeza sekunde mbili juu yake, dereva anadhani diski imekwama. Amri hii ya programu ya `ffmpeg` inaonyesha kimya kinapoanza:

```
ffmpeg -i 03.flac -af silencedetect=noise=-50dB:d=0.5 -f null -
```

Wimbo wa tatu una urefu wa sekunde 261. Majibu yaliandika `silence_start: 258.6`, yaani sekunde 2.4 za mwisho hazina kitu. Basi wimbo wa nne sikuuwekea kimya chochote mbele yake, maana pumziko tayari lipo. Nilikuta nyimbo tatu za studio zenye mkia wa namna hiyo. Kipimo cha desibeli 50 chini kinafaa kwa nyimbo nyingi, ila wimbo unaofifia polepole unaweza kuhesabiwa kimya huku bado unasikika, kwa hiyo mkia wenye shaka niliusikiliza kwa spika za masikioni.

Kugeuza nyimbo za studio kuwa WAV, yaani sauti isiyobanwa, ni kazi fupi. Zilizotoka kwenye video au simu mara nyingi huwa na sampuli 48,000, na `cdrdao` haitazikubali mpaka zishuke:

```
ffmpeg -i 03.flac -ar 44100 -ac 2 -c:a pcm_s16le 03.wav
```

Kugeuza MP3 kuwa WAV hakurudishi ubora uliopotea wakati wa kubanwa. Kunabadilisha vazi tu, basi. Palipokuwa na FLAC na MP3 ya wimbo mmoja, nilichukua FLAC.

Zile tano za jukwaani zilitaka uangalifu zaidi, hata zikiwa FLAC. Sidii imegawanywa katika fremu 75 kwa kila sekunde, na kila fremu ina sampuli 588 kamili. Faili ambayo urefu wake haugawanyiki kwa 588 humalizikia katikati ya fremu, na programu ya kuchoma hujaza sehemu iliyobaki kwa kimya. Ni chini ya sekunde moja ya sabini na tano, lakini katikati ya makofi yanayoendelea sikio linaikamata kama "tk". Kwa MP3 hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa kubana kwenyewe huongeza kimya kidogo mwanzoni na mwishoni mwa kila faili, na si kila programu inakiondoa.

Dawa yake ni kutozikata kabisa. Niliunganisha nyimbo zote tano kuwa sauti moja ndefu, kisha nikaieleza `cdrdao` mahali kila wimbo unapoanzia ndani ya sauti hiyo. Kugeuza sampuli nako kunafanyika baada ya kuunganisha, ili viungo visiguswe kimoja kimoja:

```
sox 07.flac 08.flac 09.flac 10.flac 11.flac -b 16 konseti.wav rate 44100
```

Mipaka niliipata kwa `soxi 07.flac`, ambayo pamoja na muda huandika idadi ya fremu kwa jina la `CDDA sectors`. Wimbo wa saba una 18930. Gawanya kwa 75: unapata sekunde 252 na fremu 30 zinabaki, yaani dakika 4, sekunde 12 na fremu 30, ambayo kwa mtindo wa `cdrdao` ni `04:12:30`. Tarakimu mbili za mwisho si sehemu za mia za sekunde, ni fremu, na haziwezi kufika 75. Wimbo wa nane una `05:40:00`, kwa hiyo wa tisa unaanzia `09:52:30`. Kama urefu halisi una sampuli chache za ziada, mpaka unasogea kidogo sana tu na sauti haikatiki, kwa sababu chini yake kuna faili moja.

Sehemu ya katikati ya faili langu, `orodha.toc`, inasomeka hivi. Mstari wa kwanza kabisa wa faili ni `CD_DA`, nao unaandikwa mara moja.

```
TRACK AUDIO
PREGAP 00:02:00
FILE "konseti.wav" 00:00:00 04:12:30

TRACK AUDIO
FILE "konseti.wav" 04:12:30 05:40:00
```

Kila palipo na `PREGAP 00:02:00` kuna sekunde mbili za kimya kabla ya wimbo, na pasipo na mstari huo nyimbo zinashikana. Wimbo wa kwanza hauhitaji, kwa sababu sekunde mbili za mbele yake ni lazima kwenye kila sidii na `cdrdao` huziweka yenyewe. Katika orodha yangu kuna viungo 11 nje ya onyesho. Nikiondoa vile vitatu vyenye mikia, vinabaki vinane, sawa na sekunde 16. Nyimbo zenyewe ni dakika 70 na sekunde 25, kwa hiyo diski nzima ni dakika 70 na sekunde 41. Kabla ya kuchoma, `cdrdao show-toc orodha.toc` inaonyesha hesabu hiyo yote, na ni vizuri kuilinganisha na ya mkononi.

Kuhusu diski yenyewe nina msimamo mmoja: CD-R, kamwe si CD-RW. Diski ya kufutika hurudisha mwanga kidogo sana, na redio nyingi za zamani haziioni hata kidogo. Kisha ni lazima ichomwe nzima kwa mpigo mmoja, ambayo kwenye programu nyingine huandikwa `Disc At Once` au `DAO`. Ukichagua `Track At Once`, mwali wa leza huzimwa kila wimbo unapokwisha na pengo la sekunde mbili linaingia, hata kama umeliondoa kwenye orodha. `cdrdao` huchoma kwa mpigo mmoja na kuifunga diski, na kasi ya 16 imenitosha:

```
cdrdao write --speed 16 --device /dev/sr0 orodha.toc
```

Lebo ya karatasi sikubandika. Ndani ya gari lililopigwa na jua gundi hulegea, na karatasi ikibanduka ndani ya mdomo wa redio, diski haitoki tena. Nimeandika kwa kalamu ya sidii.

Kwenye gari nilikwenda moja kwa moja kwenye viungo. Ukiruka kwenda wimbo wa 8 kwa kitufe hujajaribu kitu, kwa kuwa kitufe hupita kimya chote na kutua kwenye sauti. Inabidi usonge mbele hadi sekunde kumi za mwisho za wimbo wa 7 na uuache ujiishie. Makofi yalipita bila kukatika, na namba ya wimbo ikabadilika yakiendelea. Kati ya 6 na 7 redio yangu huhesabu kurudi nyuma kuelekea sifuri, na hiyo ndiyo dalili kwamba pengo limeandikwa kama pengo, si kama sehemu ya wimbo. Nyimbo za mwisho zikiruka ilhali za mwanzo ni safi, angalia alama za vidole ukingoni kabla ya kulaumu orodha.

Jambo moja halitibiki kwa mpango wowote wa mapengo: kuchanganya nyimbo ovyo. Redio ikiwekwa kwenye `RANDOM`, inaruka kutoka wimbo wa 9 kwenda wa 2 na makofi yanakatwa kwa kisu. Anayependa kusikiliza hivyo afadhali aiache `konseti.wav` iwe wimbo mmoja mrefu, aandike `FILE "konseti.wav" 0` mara moja tu, na akubali kwamba hataweza kurukia wimbo mmoja ndani ya onyesho. Mimi nasikiliza kwa mfuatano, kwa hiyo nimebaki na namba zote tano.