Klampu za Dodoma juu ya paa la pwani

Kwa miaka mingi nimefunga viyoyozi hapa Dodoma, na mabomba ya shaba nimekuwa nikiyabana kwa klampu za chuma zilizopakwa zinki, zile za kawaida za dukani. Nyingine nilizozifunga Kizota miaka iliyopita zinang'aa hadi leo. Kwa hiyo nilipopata kazi ya mashine 6 juu ya paa la jengo moja Dar es Salaam, kama mita 200 kutoka baharini, nilinunua vifaa vyote huku na kusafiri navyo.

Baada ya miezi 14 msimamizi wa jengo alinipigia simu akasema, "Fundi, njoo uone, klampu zako zinamwaga kutu ukutani." Nilipopanda nilikuta klampu zimekuwa nyekundu, na mbili zimekatika pale pale zinapogusa shaba. Stendi za mashine, ambazo nazo ni chuma chenye zinki, zilikuwa na ungaunga mweupe tu, isipokuwa mahali pamoja: chini ya bomba lililokuwa wazi, ambako maji yalikuwa yakidondoka, palikuwa na michirizi myeusi iliyoanza kugeuka kutu.

Michirizi ile ndiyo iliyonifumbua macho. Metali mbili tofauti zikigusana na kuloana kwa maji yenye chumvi, huwa kama betri, na ile iliyo dhaifu zaidi ndiyo inayoliwa. Zinki ni dhaifu kuliko chuma, na chuma ni dhaifu kuliko shaba, hivyo klampu ililiwa zinki kwanza, kisha chuma chenyewe, huku bomba likibaki salama. Ubaya ulizidi kwa sababu klampu ni ndogo na bomba ni refu, maana kadiri eneo la shaba linavyolizidi lile la metali dhaifu, ndivyo ulaji unavyoharakishwa. Kwenye stendi hapakuwa hata na mguso: maji yaliyopita juu ya shaba yalibeba chembe zake na kuzitua juu ya zinki.

Dodoma betri hiyo ipo vilevile, ila haina maji. Chumvi ya bahari huvuta unyevu kutoka hewani unyevunyevu unapofika takriban asilimia 75, na usiku wa pwani hupita hapo mara nyingi, kwa hiyo klampu huloana hata bila mvua. Pia zinki ya klampu za dukani huwa mikroni 10 hivi. Hewa kavu ya bara hula chini ya mikroni 1 kwa mwaka, lakini karibu na bahari zinaweza kwenda 4 hadi 8, hata pasipo shaba.

Klampu zote niliziondoa nikaweka za stenlesi daraja la 316 zenye mpira ndani, ili metali isiguse metali. Bomba nililivika sponji ya kuhami hadi kwenye viungo, na pale lilipopita juu ya stendi nikalihamishia pembeni, kwa sababu shaba haifai kukaa juu ya zinki wala alumini. Bolti za stenlesi nilizifunga kwenye stendi kwa washa za nailoni, ingawa hapo hofu ni ndogo, kwani bolti ndogo haiwezi kuila stendi kubwa haraka.

Msaidizi wangu alitaka tupake rangi stendi peke yake. Nilimkatalia, kwa kuwa rangi kwenye metali dhaifu pekee ikipata mkwaruzo mmoja, ulaji wote hukusanyika hapo. Afadhali shaba ndiyo ifunikwe kwanza. Tulisugua kutu, tukaosha chumvi kwa maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, mara mbili, maana chumvi ikibaki chini ya rangi huleta malengelenge. Tulingoja hadi saa nne asubuhi umande ukauke, tukapaka praima yenye zinki nyingi kwenye madoa, kisha epoksi, na juu yake poliyurethani kwa kuwa epoksi huchakaa kwa jua na kutoa unga.

Kosa moja lilinipotezea nusu siku. Nilipima kwa multimita kama bomba limetengana na stendi, ikalia, nikafungua klampu tatu bila kuona kasoro. Kumbe waya wa ethi ulikuwa ukiunganisha bodi ya mashine, bomba na stendi. Ethi haiondolewi. Kipimo kinafaa kufanywa kabla bomba halijaunganishwa na mashine, na baada ya hapo macho ndiyo yanayohukumu: mpira uwe mzima, na pasiwe na njia ya maji kutoka shaba kwenda zinki.

Mwaka uliofuata nilipanda tena. Klampu zilikuwa na madoa ya rangi ya chai tu, yaliyofutika kwa kitambaa chenye maji. Mapezi ya alumini ya mashine mbili yalikuwa yameanza kumomonyoka pale yanaposhikana na mirija ya shaba, na hapo hakuna mpira wa kuweka katikati. Nimemwagiza mhudumu wa jengo ayaoshe kwa maji baridi kila mwezi, hasa upande wa chini usiofikiwa na mvua.