Maiti wa Ukurasa wa Kwanza

Mwaka 2016, nilipokuwa nikiishi Mwanga, mjini Kigoma, kijana mmoja wa Ujiji aliniletea mswada wa riwaya yake, kurasa zaidi ya 200 zilizofungwa kwa uzi wa nyavu. Baada ya kuniamkia aliniomba niusome wote. Nilimjibu kwamba ningeanza na ukurasa mmoja tu, kwa kuwa mtu aliyesimama dukani husoma huo kabla ya kuamua kununua kitabu au kukirudisha rafuni.

Niliusoma kwa sauti, penseli mkononi, ili niweke alama pale ambapo ningeacha kusoma kama nisingekuwa namfahamu mwandishi. Alama ilikuja mapema. Aya tatu za mwanzo zilisifu jua likichomoza kutoka ziwani, ilhali sisi watu wa Kigoma tunaliona likizama huko, upande wa Kongo. Kijana aliyekulia mwaloni hawezi kukosea jambo hilo kwa macho yake. Sauti ile alikuwa ameiazima kwenye vitabu vya wengine.

Aya ya nne ilianza hivi: "Wiki moja kabla ya giza, baba aliuza taa zote." Hapo nilikaa wima. Dagaa huvuliwa usiku usio na mbalamwezi, kwa kuwa ndipo mwanga wa taa huwavuta, na mvuvi anayeuza taa wakati giza linakaribia lazima awe na jambo zito linalomsukuma. Swali lilikuwa limezaliwa bila kelele, na neno "giza" lilitumika kama wavuvi wanavyolitumia, bila maelezo.

Ningemwambia aanzie hapo tu, tungemaliza. Lakini nilijiona mjuzi, nikamshauri atangulize maiti anayeelea karibu na mitumbwi ili msomaji anaswe mara moja. Alitii, kwa adabu iliyonitia aibu baadaye. Wiki mbili zilipopita nilimpa jirani yangu, mama muuza dagaa, sura tatu za kwanza bila kumweleza lolote. Alizimaliza kwa siku moja, nami nikafurahi, mpaka aliponiuliza, "Sasa mwalimu, yule maiti nani alimuua? Mbona wamemsahau?"

Hakuna aliyemuua, kwa sababu riwaya ilihusu deni la baba na watoto waliolirithi. Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa umemwahidi msomaji hadithi ya mauaji, naye alisoma sura zote tatu akitafuta muuaji, huku deni likimpita pembeni kama habari ndogo.

Tulimwondoa maiti, na jua tukalihamishia sura ya tatu, likizama. Nilimrudia jirani na ukurasa mpya unaoanza na taa. Aliusoma polepole, akauliza, "Alimuuzia nani?", kisha akafunua wa pili kabla sijajibu.