Kumbukumbu ya mradi: mlipuko wa kwanza unagandisha gemu, wa pili unapita freshi

Wiki hii sijaongeza kitu kipya kwenye gemu ya mizinga, nimekaa na tatizo moja tu. Risasi ya kwanza ikigonga ukuta gemu inaganda kidogo, halafu mlipuko unatokea ukiwa ushafika katikati, hata cheche za mwanzo huzioni. Piga tena, safi kabisa. Piga mara mia, safi. Funga gemu ufungue upya, saa nyingine inaganda saa nyingine haigandi, na hiyo ndo inachanganya watu wengi wanaishia kusema aah ni simu tu hiyo.

Natumia Godot 4.4, rendara ya Mobile, gemu ni ya 2D. Mlipuko ni sini moja, mlipuko.tscn, ndani yake kuna mwali, kuna duara la wimbi linalopindisha picha ya nyuma, kuna moshi wa chembechembe, na AnimationPlayer moja inayoviwasha kwa zamu: mwali sekunde 0.0, wimbi 0.12, moshi 0.3. Hizo namba zikumbuke maana zinarudi huko mbele.

Kwanza nikaweka `Time.get_ticks_usec()` kabla na baada ya kila hatua, maana ukisema tu "inaganda" hujui inaganda wapi. Kwenye simu yangu `load()` ikala milisekunde 118, `instantiate()` 4, `add_child()` 2, halafu fremu iliyofuata baada ya hapo ikachukua 85 badala ya 16 na kitu. Jumla kama 209, yani fremu 12 hivi zimepotea ukihesabu fremu 60 kwa sekunde. Ile 85 ndo ya kuangalia vizuri kwa sababu haipo kwenye mstari wowote wa kodi yako, inatokea wakati injini inachora, kwa hiyo ukipima skripti peke yake utasema mbona nimeshamaliza kazi.

Ya 118 ilikuwa rahisi. Picha za mwali ziko kwenye karatasi moja ya 4096 kwa 4096, faili lenyewe dogo tu kwenye diski, lakini ikilodiwa lazima ifunguliwe kuwa pikseli kamili, baiti 4 kila pikseli, hapo ni MiB 64 za kuandaa na kupeleka GPU. Nimeipunguza iwe 2048 (MiB 16, na kwa macho tofauti huioni, mlipuko unakaa nusu sekunde bwana) na kulodi nimekuhamishia skrini ya kusubiri kwa `ResourceLoader.load_threaded_request()`. Watu wanasema weka `preload` basi, sawa, lakini `preload` inalodi pale skripti yenyewe inapolodiwa, sasa kama hiyo skripti ni ya adui anayeingia katikati ya vita umehamisha mgando tu sio kuuondoa. Kingine, sini ukishailodi ishikilie kwenye variabo ya autoload. Godot ikiona hakuna anayeitumia inaitupa, na wewe unarudi diski upya.

Sasa ile 85. Kwenye debaga, tabu ya Monitors, kuna kundi la Pipeline Compilations, na hesabu ya Canvas ilipanda palepale mlipuko ulipotokea. Maana yake GPU imepewa sheda ambayo haijawahi kuiona ikabidi ikompailiwe kwanza huku fremu inasubiri. Toleo 4.4 lilileta utaratibu wa kukompaili mapema, ila huo ni wa vitu vya 3D, 2D bado inasubiri mpaka nodi ichorwe mara ya kwanza. Na sio sheda tu, hata namna ya kuchanganya rangi inahesabika: mwali wangu uko kwenye Add, moshi uko kawaida, wimbi lina sheda yake, kwa hiyo kila kimoja kinaleta mgando wake.

Dawa ni kuvichora vyote mapema wakati mchezaji bado yuko skrini ya kusubiri. Ni kama kupasha chuma cha chapati kabla ya kutupia ya kwanza. Lakini hapa ndo pana mitego. Ukiweka `visible = false` haichorwi. Ukiweka modulate alfa 0 haichorwi pia, injini ikiona alfa iko karibu na sifuri inairuka. Ukiipeleka nje ya skrini inakatwa. Lazima ichorwe kweli, ndani ya skrini, basi nimeweka skrini ya kusubiri kwenye CanvasLayer ya juu zaidi, imefunika kila kitu, na mlipuko unachorwa chini yake. 2D haichunguzi nani kafunikwa na nani, inachora tu, na mchezaji haoni kitu.

Mtego wa pili ni zile namba za juu. Ukiupasha kwa kuuweka mlipuko fremu moja tu, umepasha mwali peke yake. Wimbi na moshi vinawashwa baadaye na animesheni, vitagandisha baadaye vilevile. Kwa hiyo naipeleka animesheni kwenye kila wakati ambapo kitu kipya kinatokea:

```gdscript
func pasha(s: PackedScene) -> void:
	var n: Node2D = s.instantiate()
	n.position = Vector2(200, 200)
	add_child(n)
	var ap: AnimationPlayer = n.get_node("AnimationPlayer")
	ap.play("mlipuko")
	ap.pause()
	for t in [0.0, 0.12, 0.3]:
		ap.seek(t, true, true)
		for i in 3:
			await RenderingServer.frame_post_draw
	n.queue_free()
```

Ile `true` ya mwisho kwenye `seek` usiifute. Animesheni yangu ina traki inayoita fankshen ya kupunguza uhai wa ukuta na kutikisa kamera, na hiyo `true` inaziruka traki za kuita fankshen na za sauti. Fremu tatu tatu ni kwa ajili ya chembechembe, fremu ya kwanza zinakuwa hazijatoka bado.

Niliwaza pia kupashia kwenye SubViewport ndogo pembeni, ingekuwa nadhifu zaidi, ila sheda inakompailiwa kulingana na aina ya turubai inayochorewa, ukiwa na MSAA au HDR upande mmoja na mwingine huna, unapasha kitu kingine kabisa. Nimebaki na viewport ileile ya gemu.

Kuunda nodi, zile milisekunde 4 na 2, peke yake sio shida. Shida ni mizinga mitano ikigonga pamoja, 30 hizo, fremu mbili zimeenda. Naunda milipuko sita mapema, inakaa imefichwa, ikitumika inarudishwa kwa animesheni ya RESET. Ikizidi sita ule wa zamani zaidi unachukuliwa, kwenye fujo ile hakuna anayehesabu.

Kuhusu kupima: ile "saa nyingine haigandi" inatokana na akiba. Godot inaweka sheda kwenye `user://shader_cache` na driva ya GPU nayo ina yake, kwa hiyo wewe mtengenezaji uliyefungua gemu mara kibao huoni tatizo, anaona aliyedaunlodi leo. Kila nikipima nafuta data ya app kwenye simu kwanza. Nikifanya hivyo sasa, risasi ya kwanza fremu yake ni milisekunde 17, na hesabu ya Canvas haipandi tena vitani. Skrini ya kusubiri imeongezeka kama robo sekunde, nakubali.

Kilichobaki ni bosi wa ngome, yule ana animesheni kibao na kuandika nyakati kwa mkono hivi itachosha. Nataka kusoma funguo za traki moja kwa moja kwa `track_get_key_time()`, nikusanye zile zinazobadilisha `visible` na `emitting` tu, nyingine haziniletei sheda mpya.