Sultani wa Southsea: Jamshid alivyoishi Uingereza

Wengi wetu tulioko Uingereza tumesikia kwamba sultani wa mwisho wa Zanzibar aliishi Portsmouth. Alifikaje huko, na alikula nini?

Anzia melini. Mapinduzi yalitokea Jumapili, Januari 12, 1964, na Jamshid bin Abdullah aliondoka Unguja ndani ya meli yake, Seyyid Khalifa. Chombo kilielekea Mombasa, serikali ya Kenya ikamkatalia kushuka. Miezi mitatu tu kabla ya hapo, Oktoba 1963, yeye mwenyewe alikuwa amekubali kuiachia Kenya ukanda wa Mwambao. Ikabidi chombo kigeuke hadi Dar es Salaam, na kutoka huko akapanda ndege kwenda Uingereza.

Baadaye akahamia Southsea, mtaa wa Portsmouth ulio ufukweni, katika nyumba iliyoungana ukuta na ya jirani. Hakuwa na kazi iliyojulikana wala biashara yenye jina. Serikali ya Uingereza ilimpa pauni 100,000 kwa mkupuo. Ukizigeuza kwa thamani ya leo utaona ni utajiri, lakini huo haukuwa mshahara wa kila mwezi. Tuseme angeziweka mahali zizae asilimia 5 kwa mwaka: angepata pauni 5,000, yaani kama 417 kwa mwezi, na alikuwa na familia ya kulisha. Angegusa mtaji, faida nayo ingepungua. Mali ya Unguja ilikuwa imekwenda na mapinduzi.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe, nenda Kew, kwenye Nyaraka za Taifa. Kosa la kawaida ni kuchimba mafaili yanayoanza na CO, ya Wizara ya Makoloni, kisha kukata tamaa ukifika mwisho wa 1963. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963, na kuanzia hapo mambo yake yalishikwa na wizara ya Jumuiya ya Madola, ambayo mafaili yake huanza na DO. Masuala ya fedha yatafute pia kwenye T, yaani Hazina. Tafuta majina yote mawili, Jamshid na Jamshed, na usitegemee "Seyyid": hicho ni cheo, ndicho kinachowapoteza watu kwenye orodha. Na usimchanganye na Khalid bin Barghash, aliyepinduliwa 1896 na kufia Mombasa 1927.

Sehemu ngumu ya maisha yake ni Oman. Jamaa zake walihamia huko, yeye maombi yake yakakataliwa kwa miaka mingi. Ruhusa ilikuja Septemba 2020, na kwa masharti: aingie kama mtu wa ukoo, si kama sultani. Hivyo akaacha Southsea baada ya zaidi ya nusu karne, akiwa na miaka 91. Alifariki Muscat Desemba 30, 2024.