Siku yangu na klipu 41 za mtoto wa mguu kifundo

Saa 12 asubuhi. Kabla hata ya chai nimefungua simu, katibu wa kikundi chetu hapa Tanga kanitumia klipu 41 za wasapu, nyingine za miaka miwili nyuma. Kikundi kinachangia nauli za kina mama wanaoleta kliniki watoto wenye mguu kifundo, yaani waliozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, na sasa wanataka vidio ya dakika moja na nusu ya kuombea michango. Mtoto ni mmoja tu, wa kutoka milimani Lushoto. Hakuna kwenda kushuti, hela ya kushuti ndo tunayoitafuta.

Saa 2. Nimemwambia katibu zile ambazo bado anazo kwenye galari azitume upya kama Document, maana wasapu ikituma kama vidio inaiminya mpaka sura inakua kama imepakwa uji. Amepata 17. Zilizobaki tutazitumia hivohivo ila ndogondogo, sio kujaza skrini.

Saa 3. Sijagusa taimlaini. Nimevaa hedifoni nasikiliza mahojiano ya mama, dakika 11, naandika kwenye daftari kila anachosema na dakika yake. Watu wengi wanaanza na picha nzuri halafu wanatafuta maneno ya kubandika juu, ndo maana vidio nyingi za michango zinafanana. Mi naanza na sauti. Dakika ya 7 nkaipata: "Wiki ya nne nlitaka kuacha. Nauli kwenda na kurudi elfu kumi na nane, baba yake akanambia huo si ndo unga wetu." Hapo nkaacha kuandika, vidio nshaipata.

Maana ukweli wa tiba yenyewe ndo huo, haihitaji mambo makubwa. Mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa muhogo, ile plasta ngumu, baada ya wiki unafunguliwa unanyooshwa tena unafungwa mwingine, kwa huyu ilikua mara sita. Wengi wanakatwa kano ya nyuma ya kisigino, halafu vinakuja viatu vyenye chuma katikati, miezi mitatu ya mwanzo karibu mchana na usiku, baadae vya kulalia tu mpaka mtoto afike miaka minne hivi. Mama akikosa nauli katikati au akiacha viatu mapema, mguu unarudi kupinda.

Saa 5. Shida. Nimekata dakika mbili za mahojiano, mwanzoni mdomo na sauti viko sawa, kufika mwisho mdomo umebaki nyuma. Ukiona inaachana taratibu hivo ujue simu ilirekodi fremu zisizo sawa kwa sekunde, usihangaike kusogeza sauti kwa mkono. Nikaipitisha hapa kwanza:

```
ffmpeg -i mama.mp4 -vf fps=30 -c:v libx264 -crf 18 -c:a aac mama30.mp4
```

Ikatulia.

Saa 7. Wali maharage, haraka.

Saa 8. Sina hata klipu moja ya safari, na safari ndo stori! Mwenyekiti akasema weka ile ya mtoto mwingine kwenye basi, nani atajua. Nikamwambia mzee wangu, mama mwenyewe atajua. Akataka pia ile mtoto analia sana iwe ya kwanza, nkaisikiliza vizuri nyuma yake nesi anacheka anasema "ana njaa huyu", kumbe analilia ziwa. Sijaiweka.

Saa 9 nikampigia mama. "Shikamoo, mwanangu hajambo?" nkasahau hata kujitambulisha, akacheka. Nikamuuliza kama anakubali watu wasiomjua wamuone, maana ruhusa aliyotoa mwanzo ilikua ya grupu tu. Akasema sawa, ila nyumba yake isionekane na jina la mtoto lisitajwe. Klipu tatu zikatoka hapohapo. Nikamuuliza ana picha yoyote ya njiani? Hana. "Ila tiketi ninazo."

Saa 10 na nusu picha ikaingia. Tiketi za basi kumi na mbili kazipanga kwenye kanga, zimekunjwakunjwa, moja ina doa la mafuta. Nikaiweka chini ya ile sauti ya unga, sekunde 9, bila muziki kabisa.

Saa 12 jioni. Maandishi chini makubwa kwa wanaoangalia bila sauti. Mwisho mtoto anakimbiza kuku, halafu namba ya kuchangia na jina litakalotokea ukiilipa, watu wakiona jina tofauti wanaogopa. Nimeandika "18,000 ni nauli ya wiki moja", basi.

Saa 2 usiku nimemtumia mama kwanza kabla ya mwenyekiti. Tiki mbili za bluu. Kimya. Baadae voisi: "Huyo kuku tumeshamla."